Alikusudia "kuzifunga", akaandika "kuzifuga": kusoma prufu za mwandishi mwenye disleksia

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wenzake habari za kijana wa miaka 14 aliyemwita Percy F. Kijana alikuwa mwerevu, macho yake hayana kasoro, tarakimu ndefu anazisoma bila kusita, na hesabu za aljebra anazifanya. Mwalimu wake alisema kwamba lau masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, huyu ndiye angekuwa wa kwanza shuleni. Lakini kusoma na kuandika maneno kulimshinda. Alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe, aliandika "Precy". Hakuliona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja.

Huwa naikumbuka hiyo "Precy" kila ninapofungua faili la mwandishi mmoja ninayemsomea prufu. Yeye ni mtu wa Unguja, anaandika makala za bahari na kilimo, na ana disleksia, hali ileile ya Percy: ugumu wa kusoma na kuandika maneno hata mtu akiwa mwerevu. Mimi ni mtu wa bara, kazi yangu ni uhariri. Miaka ya mwanzo nilimsahihisha kama ninavyomsahihisha mtu yeyote, na nilikosea mara mbili: makosa mengine yalinipita, na pale nilipoyaona niliyarudisha kwa namna iliyomfanya asitake kuandika tena kwa wiki nzima. Haya ninayoeleza nimejifunza juu ya kurasa zake.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Vitabu vingi vya disleksia vimeandikwa na Waingereza na Wamarekani, na Kiingereza ni lugha yenye tahajia ya ajabu: sauti moja huandikwa kwa namna tano, herufi moja husomwa kwa namna nne. Mwenye disleksia anayeandika Kiingereza huhangaika na hilo kwanza. Kiswahili hakina shida hiyo. Tunaandika tunavyotamka, na kila irabu ina sauti yake moja. Ndiyo maana nimewahi kusikia walimu wakisema kwamba disleksia ni tatizo la Wazungu na kwamba kwa Kiswahili haiwezi kuwepo.

Sivyo. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Waitaliano wale walisoma kwa usahihi kuliko wenzao, lakini walipopigwa picha za ubongo wakati wa kusoma, sehemu ileile ya upande wa kushoto ilionyesha kufanya kazi kidogo kwa wote. Chanzo ni kimoja, mavazi ndiyo tofauti. Katika lugha yenye tahajia nyoofu, mwenye disleksia husoma sawasawa lakini polepole na kwa kuchoka. Anapoandika, makosa yake hujificha mahali ambapo lugha yenyewe imebana sauti nyingi pamoja. Kiswahili kina mahali pa namna hiyo pengi.

Hebu tuangalie aya moja. Ni ya makala yake kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, na ninaiweka hapa kwa ruhusa yake, kama ilivyonifikia:

"Wanawake wa Paje huingia baharini maji yanapokuwa. Kila mmoja hudeba kamba zilizofungwa vipande vya vya mwani na kuzifuga kwenye vijiti vilivyochomwa mchangani. Baada wiki sita hurudi kuvuna. Mwaka jana dei ilishuka, na wengi walishidwa kuwanulia watoto wao sare. Hawakusaidia hata wale waliotuadi kununua mzigo wote."

Kuna makosa kumi na moja. Ukiyasoma mfululizo unaona vurugu tu, lakini ukiyapanga unaona ni ya aina nne.

Aina ya kwanza ni konsonanti zinazokwenda pamoja. "Kuzifuga" ilikuwa "kuzifunga", "walishidwa" ilikuwa "walishindwa", na "yanapokuwa" ilikuwa "yanapokupwa". Msikilize mtu akisema "funga" au "shindwa": ile "n" haisimami peke yake, imeingia ndani ya sauti inayofuata na zote mbili hutoka kwa pumzi moja. Ili uiandike ni lazima kichwa chako kiipasue sauti hiyo vipande viwili. Kupasua sauti ndiyo kazi hasa inayowawia ngumu wenye disleksia. Macho yao hayana tatizo. Kazi ngumu ni kuishika sauti na kuigawa. Kwa hiyo mb, nd, ng, nj, nz, pamoja na zile zenye "w" na "y" kama pw, bw, mw na vy, ndipo pa kuangalia kwanza. Ritifaa ya "ng'" nayo hupotea hapohapo, "ng'ombe" ikawa "ngombe", ingawa hiyo hatuwezi kumlaumu peke yake. Nusu ya nchi inaiacha kwenye simu.

Aina ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo hasa disleksia ya Kiswahili: silabi inayodondoka katikati ya neno refu. "Vilivyochomekwa" ikawa "vilivyochomwa". "Kuwanunulia" ikawa "kuwanulia". "Hawakutusaidia" ikawa "hawakusaidia". "Waliotuahidi" ikawa "waliotuadi". Mwanzo wa neno upo, mwisho upo, tumbo ndilo limeliwa. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima: wa-li-o-tu-ahidi kina mtenda, wakati, kirejeshi, mtendwa na mzizi. Mwandishi anapofika silabi ya tatu lazima awe bado anazishika za mbele kichwani, na kumbukumbu ya namna hiyo, ya kushika sauti kwa mpangilio kwa sekunde chache, ndiyo inayochoka upesi. Hatari huongezeka silabi mbili zinapofanana, kama nu-nu katika "kuwanunulia" au ku-tu katika "hawakutusaidia". Akili huona imeshaiandika ile moja, inasonga mbele. Cha ajabu kwa asiyejua ni kwamba mwandishi huyuhuyu ukimpigia simu anazungumza vitenzi virefu kuliko hivyo bila kukwama hata kidogo.

Aina ya tatu ni maneno madogo. "Baada wiki sita" imekosa "ya", na "vya vya" imejirudia. Viunganishi hivi vifupi havina picha ya kushika. Neno "mwani" unaliona kichwani, "ya" huioni. Hurukwa, hurudiwa, au hubadilishana: "wa" pahali pa "ya", "na" pahali pa "ni". Wahariri wengi huona "ya" imekaa badala ya "wa" wakadhani mwandishi hajui ngeli. Anazijua vizuri sana.

Ya nne ni b na d: "hudeba" na "dei". Watu wengi wakisikia disleksia hufikiria hii peke yake, herufi zinazogeuka kama kwenye kioo, lakini ndiyo isiyo na uzito mkubwa. Watoto wengi wadogo hugeuza herufi, na kugeuza pekee hakuthibitishi chochote. Kwa mwandishi wangu inatokea kwa sababu huandika kwanza kwa mkono kwenye daftari, kisha huchapa kutoka daftarini. Makala alizochapa moja kwa moja hazina b na d za kugeuka kwa wingi huo. Nilipoligundua hilo nilimweleza, naye sasa huandika B kubwa katika daftari kila mahali, hata katikati ya neno. Linapendeza kulitazama.

Kabla ya kuendelea, kuna makosa ambayo hayapaswi kuingizwa hapa. Anayeandika "karamu" kwa "kalamu", "apa" kwa "hapa", au "zambi" kwa "dhambi", mara nyingi anaandika lafudhi ya lugha yake ya kwanza. Kuna njia rahisi ya kukisia tofauti. Kosa la lafudhi, au la kutojua, hurudi vilevile kila mara: ukurasa wa kwanza "apa", ukurasa wa kumi "apa". Kosa la disleksia halitulii. Katika makala ile ya mwani neno "walishindwa" lilitokea mara tatu, mara moja "walishidwa", mara moja "walishinda", na mara moja sahihi kabisa. Mtu anayeweza kuliandika sawa mara moja analijua, kwa hiyo kumfundisha kanuni ya tahajia ni kumpotezea muda na kumdharau. Ila tahadhari: hiki ni kipimo cha mhariri cha kujua afanye nini na ukurasa, si cha kumtangazia mtu kwamba ana disleksia.

Sasa kwa nini kikagua tahajia cha kompyuta hakimalizi kazi? Rudi kwenye aya yetu. "Hudeba", "dei", "walishidwa", "kuwanulia" na "waliotuadi" si maneno, kwa hiyo yanaweza kupigiwa mstari mwekundu, na "vya vya" pia. Yaliyobaki matano hayatakishtua kikagua tahajia. "Yanapokuwa" ni neno. "Kuzifuga" ni neno, hufugwa kuku na mbuzi. "Vilivyochomwa" ni neno, ila sasa vijiti vimetiwa moto. "Hawakusaidia" ni neno zuri tu, isipokuwa maana imehama: waliokosa kusaidiwa wametoweka kwenye sentensi. "Baada" nayo ni neno. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kina maumbo maelfu, ukiondoa silabi moja mara nyingi unaangukia kitenzi kingine halali. Tena vikagua tahajia huwa vinakataa vitenzi virefu vilivyo sahihi, kwa kuwa haviwezi kuorodhesha maumbo yote, na mwandishi mwenye disleksia akiona mstari mwekundu chini ya neno sahihi hulibadilisha. Nimewahi kupokea neno lililokuwa sawa katika rasimu ya kwanza, likaharibika katika ya pili kwa sababu hiyo tu.

Hapa ndipo msomaji prufu anahitajika, naye pia ana udhaifu. Mimi ninayesoma haraka sisomi silabi, nasoma umbo la neno na kubahatisha kutokana na maana. "Waliotuadi" machoni pangu hujigeuza yenyewe kuwa "waliotuahidi". Hivyo kusoma kwa kawaida, hata mara tatu, hakutoshi, na nimeacha kutafuta makosa yote kwa pamoja. Naipitia kazi mara nne, kila mara na shughuli yake.

Mara ya kwanza nasoma kama msomaji tu, mikono mbali na kibodi, na nikimaliza namwandikia mistari miwili kuhusu yaliyomo: kipi kimenishika, wapi nilipotea. Kazi hii naifanya kwanza kwa makusudi. Mtu ambaye tangu darasa la pili maandishi yake yamekuwa yakirudi na rangi nyekundu tu, mara nyingi hajawahi kujibiwa juu ya alichosema.

Mara ya pili nasikiliza. Simu nyingi za Android zina sauti ya Kiswahili inayosoma maandishi, na mimi huiacha isome huku nikifuata kwa macho. Kumwomba mwenzangu anisomee kwa sauti niliacha, kwa kuwa binadamu husahihisha bila kujua: ataona "kuzifuga" atasema "kuzifunga". Mashine haina huruma hiyo. Itasema "kuzifuga" waziwazi, nawe utashtuka. "Baada wiki sita" nayo husikika kama gari lililogonga jiwe. Kwa maneno madogo na silabi zilizodondoka sijapata njia iliyo bora kuliko hii.

Mara ya tatu naanza sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili maana isinibebe, na nagusa kila kitenzi kirefu kuanzia silabi tano kwenda juu. Nakipasua: nani, lini, nani kafanyiwa, kufanya nini. Ha-wa-ku-saidia. Waliosaidiwa wako wapi? Nikiwakosa kwenye neno nawatafuta kwenye sentensi, na nikiwakosa huko pia, pana silabi imedondoka.

Mara ya nne ni ya kutafuta kwa Ctrl+F. Kila mwandishi ana orodha yake, na ya huyu nimeikusanya kwa miezi: fuga, shid (inayojificha ndani ya "walishidwa"), kuwa, chomwa, na kadhalika. Kwa maneno yaliyorudiwa, programu zinazokubali utafutaji wa mifumo ya herufi, yaani regex, huelewa hii:

```
\b(\w+)\s+\1\b
```

Usifute kila inachokuonyesha. Kiswahili hurudia maneno kwa makusudi: "mmoja mmoja" na "vipande vidogo vidogo" viko salama, "vya vya" ndiyo ya kuondoa.

Tarakimu na majina hazimo katika mipito hii minne. Nazo huchukuliwa peke yake. Mwaka 1989 ukiandikwa 1998 sentensi haitalia popote, iwe kwa sikio au kwa maana. Kilimo cha mwani Unguja kilianza 1989, na tarehe hiyo kwenye rasimu yake ilikuwa imegeuka hivyohivyo. Dawa ni kulinganisha na daftari lake au chanzo chake, tarakimu kwa tarakimu, kidole juu ya karatasi.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kurudisha, na hapo ndipo nilipokuwa nikiharibu. Zamani nilikuwa natuma faili lenye masahihisho yote yameonyeshwa: mistari ya kufuta, maandishi mekundu, vibandiko pembeni. Kwangu ulikuwa uwazi. Kwake ulikuwa ukurasa usiosomeka kabisa, kwa sababu sentensi yenye neno lililofutwa na neno lililoongezwa kando yake ni sentensi mbili zilizolaliana, na yeye kusoma moja tu tayari ni kazi. Nikamwambia pia, Mungu anisamehe, "ungeipitia hata mara moja kabla ya kunitumia." Alikuwa ameipitia mara nne, usiku mzima.

Siku hizi tumekubaliana hivi. Yale yasiyo na shaka, kama "dei" na "vya vya", nayarekebisha kimya na simwonyeshi. Anapokea nakala safi, herufi za Arial au Verdana ukubwa wa 14, nafasi ya mstari mmoja na nusu, upande wa kulia wa aya ukiachwa bila kunyooshwa, bila italiki. Rangi ya ukurasa naiweka maziwa kidogo badala ya nyeupe kali, kwa kuwa yeye anaipenda. Mwingine huenda asijali. Kuna fonti zinazouzwa au kutolewa kwa jina la disleksia, zenye herufi nzito kwa chini. Tulizijaribu, na hazikumsaidia kitu, wala watafiti waliozipima hawakuona zikiongeza kasi ya kusoma. Kupanua nafasi kati ya herufi kuna ushahidi zaidi.

Yale yenye shaka simwandikii maoni pembeni, namtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nauliza kwa kumpa mambo mawili achague: "Kaka, aya ya pili, maji yanapokuwa au maji yanapokupwa?" Yeye hujibu kwa sauti, kwa sekunde tano. Swali kama "angalia tena sentensi ya pili" silitumii tena. Halimwambii atafute nini, na kitu chenyewe ndicho hasa asichoweza kukiona. Ni kama kumtuma mtu gizani akachukue sindano bila kumwambia iko chumba gani. Mwishoni namtajia mwelekeo mmoja wa makala hiyo, au miwili, haizidi, na kwa lugha ya neno: "safari hii vitenzi vyenye tu- katikati vimekudondoka mara nne." Hilo analiweka kwenye orodha yake ya kutafuta. Hesabu ya makosa yote simpi, naye hajawahi kuiomba. Rasimu yake ghafi haioni mtu mwingine ofisini.

Ugumu uliobaki ni wangu. Ukishazoea kuona silabi zikidondoka, unaanza kuziona zimedondoka hata pasipo. Katika makala hiyohiyo ya mwani aliandika kwamba kazi hufanyika wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maana "maji mafu hayafai". Nikaona herufi zimeliwa, nikaandika "maji marefu hayafai". Ilisomeka vizuri: maji yakiwa marefu mkulima ataingiaje? Wala sikuuliza. Niliiweka katika kundi la yasiyo na shaka.

Jioni ujumbe wa sauti uliingia. "Dada, hapo sikukosea," alisema, na nilimsikia akicheka. "Maji mafu ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana, yako tu. Waulize watu wa pwani." Nilirudisha neno lake. Tangu hapo neno lolote la bahari nisilolijua linakwenda kwanza kwenye orodha ya maswali, na orodha hiyo imekuwa ndefu kuliko ya masahihisho.